Uso wa Stika: Rangi Mbili Ambazo Tumekuwa Tukizichanganya Tangu Enzi za Filamu

Mwaka jana rafiki yangu alifiwa na babu yake. Familia ilitaka picha ya kuweka mbele ya kijitabu cha mazishi, na shida ilikuwa ile ile ya kila nyumba: mzee hakupenda kupigwa picha. Picha nzuri pekee ya uso wake ilipigwa jioni sebuleni, chini ya balbu, akiwa na shati jeupe lililofunguliwa vifungo viwili. Familia ilimtaka akiwa na suti. Basi nikampiga picha mwanawe, yaani baba ya rafiki yangu, akiwa amevaa suti nje ya nyumba asubuhi kwenye kivuli cha ukuta, halafu nikauhamisha uso wa mzee pale.

Nilitumia programu ya kubadilisha nyuso, nikabonyeza, ikamaliza kwa sekunde chache. Kingo zilikuwa laini kabisa. Masikio yalikaa, kidevu kilikaa, sikuona mshono popote. Nikapeleka nikiwa najiamini.

Shosho, mke wa marehemu, aliishika simu, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Akasema, "Huyu si mzee wangu. Huyu ni mtu mwingine amevaa uso wake."

Nikamwambia, "Shosho, ni yeye kabisa, ni picha ile ya sebuleni."

"Mzee wangu alikuwa mweusi," akasema, na akanirudishia simu.

Nilienda nyumbani nikiwa na aibu, nikaanza kuchimba. Nilichogundua ni kwamba kosa langu lina historia ndefu kuliko simu na kompyuta. Na maoni yangu, ambayo najua mafundi wengine watayapinga, ni haya: uso uliohamishwa hufanana na stika kwa sababu tunachanganya vitu viwili tofauti tukiviita vyote "rangi". Kuna rangi ya mwanga uliompiga mtu, na kuna rangi ya ngozi yake mwenyewe. Ya kwanza ni lazima uibadilishe. Ya pili huna ruhusa ya kuigusa bila sababu. Vifaa vingi tunavyotumia haviwezi kuzitofautisha, na havikuanza leo.

Tuanze mahali ambapo shida hii haikuwepo. Kuna mchoro maarufu wa Abraham Lincoln, rais wa Marekani, amesimama kishujaa karibu na meza yenye karatasi. Ulisambazwa baada ya yeye kuuawa mwaka 1865. Mwili ule si wake. Ni wa mwanasiasa aliyeitwa John C. Calhoun, kutoka mchoro wa mwaka 1852, na kichwa cha Lincoln kiliwekwa juu yake kwa kufuata picha ya studio. Cha kuchekesha ni kwamba Calhoun alikuwa mtetezi mkubwa wa utumwa. Watu waliuangalia mchoro huo miaka mingi bila kushtuka, na kilichokuja kuutia shaka ni chunjua ya Lincoln iliyokuwa imehamia shavu la upande wa pili, kwa sababu kichwa kiligeuzwa.

Kwa nini ulidanganya watu kirahisi hivyo? Kwa sababu ni wino mweusi kwenye karatasi. Hakuna rangi ya mwanga, hakuna rangi ya ngozi. Kuna giza na mwangaza tu, na mchoraji anaweza kulinganisha giza na mwangaza kwa mkono. Hata leo, ukitaka kujua kama tatizo la picha yako ni rangi au ni kitu kingine, iondoe rangi yote ibaki nyeusi na nyeupe. Ikiwa uso unakaa vizuri bila rangi lakini rangi ikirudi unaonekana umebandikwa, basi umejua mwizi ni nani. Picha ya mzee ilifanya hivyo hivyo kwa sehemu fulani, nitafika hapo.

Rangi ilipokuja ndipo kesi ilipoanza. Mwanga wowote una rangi yake, hata ule tunaouita mweupe. Wapiga picha huipima kwa kelvini, kipimo chenye jina la mwanasayansi Lord Kelvin. Wazo ni kwamba ukichoma kitu cheusi, kinaanza kung'aa chekundu, kisha cha manjano, kisha cheupe, kisha kinaelekea buluu kadiri joto linavyopanda. Mshumaa uko karibu na 1900. Balbu ya kizamani ya waya iko karibu na 2700. Jua la mchana ni kama 5500. Kivuli, pale ambapo jua halifiki na mwanga unatoka angani tu, kinapita 7000. Kumbuka namba inaenda kinyume na tunavyoongea: mwanga tunaouita wa joto, ule wa manjano, ndio wenye namba ndogo.

Macho yetu hayatuambii haya. Ukiingia nyumbani jioni, karatasi nyeupe bado unaiona nyeupe, ingawa inarudisha mwanga wa manjano mtupu. Ubongo unakadiria mwanga wa chumba kizima na kuuondoa kimyakimya. Na hapa ndipo siri ya uso wa stika ilipo. Ubongo unaondoa mwanga mmoja kwa picha moja. Ukiuwekea picha yenye mwili uliopigwa kwenye kivuli na uso uliopigwa chini ya balbu, unaondoa buluu ya kivuli kwenye picha yote, kisha unabaki na uso wenye manjano ambayo haina maelezo. Hakuna taa ndani ya picha inayoweza kuwa imeileta. Basi unaamua moja kati ya mawili: mtu huyu ni mgonjwa, au uso huu si wa hapa. Hauhitaji kuona mshono. Ndiyo maana kulainisha kingo, jambo ambalo karibu kila mafunzo ya mtandaoni yanasisitiza, hakusaidii kitu hapa.

Filamu haina ubongo. Inaandika rangi ya mwanga kama ilivyo. Kwa hiyo watengenezaji wa filamu za rangi waliziuza kwa aina mbili, moja iliyopangiwa jua la mchana, karibu 5500, na nyingine iliyopangiwa taa za studio, 3200. Ukitumia ya taa nje, watu wanatoka buluu. Ukitumia ya jua ndani, wanatoka rangi ya chungwa. Mafundi walibeba filta za vioo za kurekebisha, za chungwa na za buluu. Ninachopenda kuhusu enzi hiyo ni kwamba rangi ya mwanga ilikuwa kitu unachokishika mkononi. Fundi alijua anarekebisha mwanga, kwa sababu kioo kile hakijui kama mbele yake kuna mtu, mti au gari.

Lakini kulikuwa na hatua ya pili, kule maabara, wakati wa kuchapisha picha. Hapo mambo yaliharibika. Mwaka 1954 Kodak, baada ya kesi na serikali ya Marekani, ililazimika kuacha kuuza filamu pamoja na gharama ya kuisafisha. Maabara ndogo za kujitegemea zikaongezeka, na Kodak ikawa inazipelekea picha ya mfano ili zipange mashine zao. Kwenye picha hiyo alikuwa mwanamke mzungu, wa kwanza wao mfanyakazi wa Kodak aliyeitwa Shirley. Wanamitindo wengine walifuata baadaye lakini kadi ikabaki na jina lake, kadi ya Shirley. Fundi wa maabara alizungusha vidhibiti vya mashine hadi ngozi ya Shirley itoke vizuri. Ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Na picha yako, popote ulipo duniani, ilipita humo.

Angalia kilichotokea hapo. Kipimo kilikuwa ngozi ya mtu. Badala ya kuuliza "mwanga huu ni wa rangi gani," mashine iliulizwa "je, huyu mwanamke anapendeza?" Watu weusi walitoka kama kivuli chenye macho na meno, hasa wakiwa wamesimama na wazungu kwenye picha moja. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada ndiye aliyeandika habari hii kwa kirefu mwaka 2009, na sehemu ambayo bado inaniudhi ni kwamba moja ya misukumo ya kuboresha filamu kwa rangi za kahawia ilitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiki kwenye matangazo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990.

Unaweza kusema hayo ni ya filamu, yameisha. Hapana, sikubali. Fikra ile ile ya kupanga ngozi kwa kutumia ngozi nyingine iliingia kwenye kompyuta kupitia mlango wa nyuma, na waliouleta hawakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Mwaka 2001 Erik Reinhard na wenzake watatu walichapisha njia fupi na nzuri sana ya kuhamisha rangi kutoka picha moja hadi nyingine. Mmoja wa hao wenzake anaitwa Peter Shirley, jina limegongana tu. Njia yenyewe ni hii. Unaigawa picha katika sehemu tatu: mwangaza, na mistari miwili ya rangi. Kwa kila sehemu unatafuta wastani, na unatafuta namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani huo. Kisha unaichukua picha ya kwanza na kuilazimisha iwe na wastani na mtawanyiko wa picha ya pili. Basi. Walitumia mandhari: bahari ya mchana ikapewa rangi za machweo. Kwa bahari inafanya kazi vizuri ajabu, na wao wenyewe walionya kwamba picha zisipofanana kwa maudhui, matokeo yanaharibika.

Programu za kubadilisha nyuso zilipolipuka mwishoni mwa 2017, njia hii ilikuwa tayari, ni nyepesi, na ikatiwa ndani. Kwenye DeepFaceLab ukiona chaguo la `rct`, hiyo ndiyo Reinhard. Programu ndogo nyingi za simu hufanya kitu cha ukoo huo bila kukuambia.

Sasa iwekee nyuso mbili badala ya bahari mbili. Inachukua wastani wa uso wa mzee na kuufanya uwe wastani wa uso wa mwanawe. Haijui kwamba sehemu ya tofauti ilitokana na balbu na sehemu ilitokana na kwamba mzee alikuwa mweusi kuliko mwanawe. Inafuta zote mbili. Shosho alikuwa sahihi neno kwa neno: nilichukua sura ya mumewe nikaipaka ngozi ya mtoto wake.

Na kuna madhara mengine kwenye ule mtawanyiko, ambayo yanaumiza ngozi nyeusi zaidi. Mwanga ukipiga ngozi, sehemu yake inaingia ndani na kutoka na rangi ya ngozi, na sehemu nyingine inagonga mafuta ya juu na kuruka moja kwa moja, ikiwa na rangi ya taa yenyewe. Hiyo ya pili ndiyo mng'ao wa kwenye paji la uso, pua na mifupa ya mashavu. Kwa mtu mweupe, ngozi yenyewe inarudisha mwanga mwingi, kwa hiyo mng'ao haujitokezi sana. Kwa mtu mweusi, mng'ao ndio unaochora umbo la uso. Tofauti kati ya shavu na mng'ao ni kubwa. Njia ya wastani na mtawanyiko ikimlinganisha na mtu mweupe zaidi, inabana tofauti hiyo, mng'ao unafifia, na uso unabaki tambarare na wenye majivu, kama mtu aliyetoka kwenye vumbi la unga. Ukiona uso wa mtu mweusi umekuwa wa kijivu baada ya kuhamishwa, usilaumu kamera.

Mwaka 2003 ikaja njia nyingine ya Pérez, Gangnet na Blake, ile inayoitwa ya Poisson. Wale wa `cv2.seamlessClone` mnaijua. Hii haichukui rangi za uso kabisa. Inachukua mabadiliko tu, yaani pikseli hii imezidi jirani yake kwa kiasi gani, halafu inachukua rangi kutoka kwenye mpaka wa mahali unapoweka na kuisambaza kuelekea ndani. Kwenye mpaka hakuna mshono kamwe, ni uchawi. Lakini maana yake ni kwamba ngozi yote ya ndani inaamuliwa na kilichopo mpakani. Mpaka ukipita kwenye ngozi ya mwanawe, unapata ngozi ya mwanawe. Ukigusa kola nyeupe, kidevu kinapauka. Ukigusa nywele, paji la uso linaingia giza kama moshi. Programu niliyotumia, nikikumbuka vile kidevu kilivyotoka, nadhani ilifanya zote mbili mfululizo.

Basi nilirudi nyuma kabisa, hadi kwenye akili ya yule fundi wa filta za vioo. Rekebisha mwanga kwanza, na usitumie ngozi kupima.

Unahitaji kitu kisicho na rangi kwenye kila picha. Wapiga picha wa kulipwa hubeba kadi ya kijivu. Mimi nilikuwa na shati jeupe la mzee na kola nyeupe ya mwanawe, na kwa bahati zote zilikuwa za kitambaa cha kawaida cha pamba, zimetazama upande unaopata mwanga sawa na uso. Epuka sehemu iliyokunjamana na epuka sehemu iliyoungua hadi 255, kwa sababu hapo namba imekatwa na haikuambii ukweli. Kwa kutumia kidoleti cha kuchagua rangi, shati la mzee lilisoma 214, 190, 150 kwa nyekundu, kijani na buluu. Kola ya mwanawe ilisoma 205, 210, 222. Tazama namba hizo tu, bila hata picha. Ya kwanza inashuka kuelekea buluu, hiyo ni balbu. Ya pili inapanda, hicho ni kivuli cha asubuhi. Vitambaa viwili vyeupe, mianga miwili.

Kurekebisha ni kuzidisha kila rangi kwa namba yake hadi shati lisome kama kola. Lakini kuna mtego. Namba za picha, 0 hadi 255, hazilingani moja kwa moja na kiasi cha mwanga. Zimepindwa ili kuendana na macho na skrini. 100 si nusu ya mwanga wa 200, kwa maneno mengine, na ukizidisha juu ya namba zilizopindwa unaharibu sehemu za giza, yaani unaharibu hasa ngozi nyeusi. Lazima kwanza uzinyooshe ziwe mwanga halisi, uzidishe, kisha uzikunje tena. Ukitumia vitelezi vya `Temp` na `Tint` kwenye faili ghafi ya kamera, programu inakufanyia hivyo yenyewe. Kwa picha ya simu iliyokwisha kubanwa, tafuta programu inayokuruhusu kufanya kazi katika mwanga ulionyooshwa, ama ufanye hesabu mwenyewe kama nilivyofanya.

Baada ya kunyoosha, nilihitaji kuzidisha nyekundu kwa 0.91, kijani kwa 1.25 na buluu kwa 2.4. Shati likawa kola. Sasa shavu la mzee, ambalo sikuligusa kama kipimo, lilifuata lenyewe: kutoka 118, 74, 46 likawa 113, 83, 72. Linganisha na mkono wa mwanawe kwenye picha ya suti, uliosoma 150, 112, 94. Yaani baada ya mwanga kuwekwa sawa, mzee bado alikuwa mweusi waziwazi kuliko mwanawe. Hiyo tofauti iliyobaki ndiyo yeye. Programu ingeupeleka uso wake karibu na 150, 112, 94 bila kuuliza mtu.

Buluu kuzidishwa kwa 2.4 kuna gharama. Balbu hutoa buluu kidogo sana, kwa hiyo simu iliokota buluu kidogo pamoja na chengachenga nyingi, na ukizidisha unazidisha vyote. Kwenye kivuli cha chini ya shavu niliona madoa ya buluu na zambarau. Nililainisha ile sehemu ya buluu peke yake, nikaacha kijani bila kuguswa, kwa sababu undani wa uso tunauona zaidi kwenye kijani. Kama ingehitaji kuzidishwa mara nne au tano ningetafuta picha nyingine. Pia kama mzee angekuwa amepigwa balbu upande mmoja na mwanga wa dirisha upande mwingine, hesabu hii yote isingefaa, kwa sababu kila shavu lingetaka namba zake. Na taa nyingi za siku hizi za bei nafuu zina ukijani ambao kelvini haziuoni kabisa. Ndiyo maana kuna kitelezi cha pili, `Tint`. Ukirekebisha joto pekee chini ya taa kama hizo, mtu anabaki kama mwenye kichefuchefu.

Nilipouweka uso uliorekebishwa juu ya suti, rangi ya mwanga ilikubali mara moja. Lakini sasa kulikuwa na mtu mwenye uso mweusi na mikono ya mtu mwingine. Hili ndilo lililobaki hata nilipoondoa rangi zote, lile nililosema litarudi: giza na mwangaza havikulingana.

Hapa mafundi wengi wangeuinua uso ufuate mikono. Uso ni mdogo, ni kazi ya dakika moja. Nasema hapana. Kwenye kijitabu cha mazishi, mwenye picha ni mwenye uso. Mikono ni ya kukopesha. Inayobadilika ni mikono.

Na ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu ya jambo moja la ngozi. Nilipogawanya namba za shavu kwa za mkono, zikiwa zimenyooshwa, nilipata karibu 0.54, 0.53 na 0.58. Zinakaribiana sana. Yaani ngozi ya mzee ilikuwa ya mwanawe ikirudisha kama nusu ya mwanga, rangi yenyewe ikibadilika kidogo tu. Waediti wa filamu wanalijua hili, ndiyo maana kwenye kipimo chao cha mviringo cha rangi kuna mstari mmoja wa ngozi, na watu weusi kwa weupe huangukia karibu nao, mradi mwanga uwe sawa. Chini ya ngozi zote kuna damu ile ile. Kwa hiyo niliipunguza mikono na shingo kwa kituo kimoja hivi cha kamera, nikaongeza buluu chembe. Niliacha viganja, kwa sababu viganja vyetu havifuati rangi ya mgongo wa mkono, na niliacha mng'ao wa kwenye vifundo vya vidole, kwa sababu huo ni wa mwanga, si wa ngozi. Ukiufifisha, mikono inakuwa ya mpira.

Kisha nikafanya jaribio ambalo sasa sipeleki kazi bila kulifanya. Niliongeza kolezo la rangi, `Saturation`, hadi mwisho. Picha inakuwa mbaya kama bango la sarakasi, lakini usiangalie uzuri. Angalia kama uso, shingo na mikono vinalipuka kwa rangi moja. Ile kazi ya kwanza niliyompelekea shosho, nilipoifanyia hivyo, kidevu kililipuka waridi na paji la uso kijani. Hii ya pili ilikuwa ya chungwa kuanzia kipara hadi vidole, isipokuwa utepe mwembamba nyuma ya sikio la kushoto, ambapo ngozi ya mwanawe ilikuwa bado inachungulia. Niliupaka. Nikaongeza pia chembechembe kidogo kwenye uso, maana picha ya suti ilikuwa na mchanga wake na uso niliokuwa nimeulainisha hakuwa nao.

Jioni nilirudi kwa shosho. Nilimwonyesha bila kusema chochote. Aliangalia muda mrefu zaidi ya mara ya kwanza, akavua miwani, akaifuta kwa leso, akavaa tena.

"Ndiye," akasema. Halafu akaniuliza hiyo tai ni ya nani, maana mzee hakuwahi kuwa na tai nyekundu.